Naitrojeni au upepo wa kawaida kwenye tairi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kibandani. Ni yale yale wanayoniuliza wateja wakiwa wamesimama pembeni ya jeki, tena kila wiki. Humu nikisema "upepo" nina maana ya ule wa kawaida wa kompresa, na nikisema "naitrojeni" nina maana ya ile inayolipiwa zaidi.

## Mambo ya mwanzo

Hiyo naitrojeni ni kitu gani hasa?

Ni gesi ile ile unayoivuta puani sasa hivi. Hewa tunayopumua ni naitrojeni kwa asilimia 78, oksijeni kwa asilimia 21, na asilimia 1 inayobaki ni mchanganyiko wa gesi nyingine. Kwa hiyo tairi lililojazwa upepo wa kawaida tayari lina naitrojeni robo tatu na ushee. Unachokilipia ni kuongeza kutoka 78 hadi 95 au zaidi, yaani kutolewa sehemu kubwa ya oksijeni pamoja na unyevu.

Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi huja wakidhani ni gesi ya ajabu, nyepesi, inayolifanya gari lielee. Hakuna kitu kama hicho.

Wanaipata wapi? Mbona sioni mtungi?

Vituo vingi havitumii mtungi. Vina mashine inayovuta hewa ya hapo hapo nje, inaikausha, kisha inaipitisha kwenye chujio linalotenganisha oksijeni na naitrojeni. Oksijeni inarudishwa nje, naitrojeni inahifadhiwa kwenye tangi na kutoka kwa mpira kama upepo mwingine wowote. Mashine ikiwa nzima, na chujio likiwa halijachoka, hutoa naitrojeni ya asilimia 95 hadi 99. Chujio likichoka, mashine itaendelea kunguruma vizuri tu na taa zake zitawaka, ila kinachotoka kinazidi kufanana na upepo wa bure.

Nipe jibu fupi: nilipe au nisilipe?

Kwa gari la kawaida la kwenda kazini na safari za hapa na pale, kama unapima tairi zako walau mara moja kwa mwezi, usilipe. Faida ipo, lakini ni ndogo kuliko makosa ya kawaida yanayofanyika wakati wa kujaza. Ukipewa bure na tairi mpya, pokea, haina madhara. Wachache ambao kwao inaweza kuwa na maana nimewataja chini, kwenye swali la spea na lile la malori.

## Je, kweli haipungui?

Wanasema naitrojeni haipungui. Ni kweli?

Inapungua. Inapungua polepole zaidi, na hiyo ndiyo sehemu ya kweli ya tangazo.

Mpira wa tairi si kama chupa. Gesi hupenya ndani ya mpira kidogo kidogo na kutokea upande wa pili, hata kama hakuna tundu. Oksijeni hupenya mpira haraka kuliko naitrojeni, ndiyo maana ukipunguza oksijeni tairi hukaa na presha kwa muda mrefu zaidi.

Swali la maana ni: kwa kiasi gani? Jarida la Marekani la Consumer Reports lililipima jambo hili kuanzia Septemba 2006 hadi Septemba 2007. Walichukua aina 31 za tairi, mbili mbili za kila aina. Moja likajazwa upepo, la pili naitrojeni ya asilimia 95, yote kwa psi 30, kisha wakayaacha nje mwaka mzima bila kuyatumia. Mwisho wa mwaka, kwa wastani, yale ya upepo yalikuwa yamepungua psi 3.5 na yale ya naitrojeni psi 2.2.

Tofauti ni psi 1.3 kwa mwaka mzima. Geji nyingi za vituoni, zile zinazoangushwa sakafuni mara kumi kwa siku, hukosea kwa kiasi kikubwa kuliko hicho. Naomba pia uitazame ile 2.2 peke yake: hata mwenye naitrojeni angelazimika kuongeza.

Mbona tairi langu la naitrojeni limeshuka psi 10 kwa miezi miwili?

Kwa sababu linavuja, na tundu halichagui gesi.

Kaka mmoja aliniletea gari dogo la Kijapani, vifuniko vinne vya kijani kwenye vali, tairi za mbele zimelika mabegani pande zote mbili ilhali katikati meno bado yapo. Hiyo ni alama ya tairi lililotembea muda mrefu bila presha ya kutosha. Nikapima asubuhi, gari likiwa limelala hapo hapo: mbele kushoto 21, mbele kulia 22, nyuma kushoto 31, nyuma kulia 24. Kibandiko cha mlangoni kilidai 32. Nikamuuliza mara ya mwisho kupima ilikuwa lini. Akasema, "Fundi, hizi ni naitrojeni, nilijaza mwaka jana. Si waliniambia hazipungui?"

Nikapaka maji ya sabuni. Mbele kushoto palikuwa na msumari mdogo kati ya meno, unatoa kipovu kimoja kila baada ya sekunde chache. Mbele kulia vali yenyewe ilikuwa inavuja: kisindano cha ndani kilikuwa kimelegea, nikakikaza nusu mzunguko, povu likakata. Nyuma kulia, kutu ilikuwa imekula ukingo wa rimu ya chuma pale tairi linapokalia, ikabidi tairi livuliwe, ukingo usuguliwe na upakwe gundi. Lile la nne halikuwa na tatizo lolote, na ndilo pekee ambalo naitrojeni ilikuwa imelisaidia.

Hasara yake haikuwa ile pesa ya kujaza. Ilikuwa tairi mbili za mbele ambazo hazikufika nusu ya umri wake, kwa sababu aliambiwa asihangaike nazo tena.

Si inaokoa mafuta?

Presha sahihi inaokoa mafuta. Gesi yenyewe haiokoi chochote, maana tairi la psi 32 hubingirika vile vile bila kujali limejaa nini.

Tupige hesabu kwa kumpendelea muuzaji. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote nne hupandisha ulaji wa mafuta kwa takriban asilimia 0.2. Tuseme hupimi kabisa mwaka mzima. Tofauti ya upepo na naitrojeni inaanzia sifuri, inafika psi 1.3 mwishoni, kwa hiyo wastani wake kwa mwaka ni kama psi 0.65. Zidisha kwa 0.2, unapata asilimia 0.13. Gari linalotumia lita 1,200 kwa mwaka litaokoa lita moja na nusu hivi. Chukua lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi: umeokoa kama shilingi 4,700. Kama kituo kinadai shilingi 5,000 kwa kila tairi, umelipa 20,000.

Na hapo tumekubaliana kwamba hupimi. Ukipima kila mwezi na kuongeza kinachopungua, hata hiyo 4,700 inayeyuka.

## Joto na maji

Niliambiwa naitrojeni haitanuki kwa joto, ndiyo maana tairi halipasuki. Kweli?

Hapana. Gesi yoyote kavu iliyofungiwa huongezeka presha kwa joto kwa kiwango kile kile, iwe naitrojeni, oksijeni au mchanganyiko wake.

Chukua tairi lililopimwa psi 32 asubuhi kwenye nyuzi 27. Baada ya saa mbili za barabara ya Morogoro juani, gesi ya ndani imefika, tuseme, nyuzi 57. Geji sasa itasoma karibu 37. Ukiwa na naitrojeni itasoma 37, ukiwa na upepo mkavu itasoma 37. Ongezeko hilo ni la kawaida na watengenezaji wa tairi wamelihesabu. Ndiyo maana presha ya kibandiko ni ya tairi baridi. Usilipunguze tairi kwa sababu limepanda njiani. Likipoa litakuwa chini ya kiwango.

Tairi nyingi zinazopasuka safarini zilikuwa na presha ndogo na mzigo mkubwa. Ubavu unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, mpira unapata moto kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira, tairi linafumuka. Naitrojeni haizuii ubavu kukunjika.

Basi ule unyevu wanaousema ni uongo?

Huo si uongo, na kwa watu wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar una uzito zaidi kidogo kuliko kwa mtu wa Dodoma.

Kompresa inapobana hewa ya pwani, mvuke unageuka maji na kutuama chini ya tangi. Pale chini pana koki ndogo ya kuyatoa. Fundi akiifungua kila jioni, upepo unatoka ukiwa na unyevu kidogo tu. Asipoifungua wiki nzima, maji yanaingia kwenye mpira na kutoka nao hadi ndani ya tairi lako. Nimewahi kuvua tairi nikamwaga maji ya kujaza kikombe cha kahawa.

Maji hayo yana kazi mbili mbaya. Ya kwanza ni kutu kwenye rimu za chuma, hasa pale ukingoni ambapo tairi linaziba, na kutu hiyo ndiyo chanzo cha mvujo wa polepole kama ule wa yule kaka. Ya pili ni presha: tairi likipata joto, maji yanageuka mvuke na kuongeza presha juu ya ile ya gesi. Kwenye mfano wa juu, wa kutoka nyuzi 27 hadi 57, maji kidogo tu, kama kijiko cha chai, yanatosha kuongeza karibu psi 2 zaidi. Kwa gari la mtaani hiyo haiui mtu, ila inafanya presha isitabirike.

Lakini dawa ya maji ni upepo mkavu, na upepo mkavu hauhitaji naitrojeni. Kabla hujajaza, mwombe fundi abonyeze ncha ya mpira wake na upepo upulize kwenye kiganja chako au karatasi kavu kwa sekunde tano. Ukihisi ukungu au karatasi ikilowa, ondoka.

Kama haina maana, mbona ndege zinatumia?

Kwa sababu ndege ina tatizo ambalo gari lako halina. Breki za ndege kubwa hupata moto mkali mno karibu na tairi lenye presha kubwa. Tarehe 31 Machi 1986, Boeing 727 ya shirika la Mexicana ilianguka Mexico na kuua watu wote 167. Breki moja ilikuwa imepata moto kupita kiasi wakati wa kuondoka, na tairi lake lilikuwa limejazwa hewa ya kawaida badala ya naitrojeni. Kwenye joto hilo mpira wa ndani hutoa gesi zinazowaka, oksijeni ikawepo ya kuziwasha, tairi likalipuka ndege ikiwa angani na kukata mabomba ya mafuta na haidroliki. Tangu hapo Marekani ikataka tairi za magurudumu yenye breki kwenye ndege kubwa zijazwe naitrojeni kavu au gesi nyingine isiyowaka, oksijeni isizidi asilimia 5.

Magari ya mbio nayo yana sababu yake: dereva anayetafuta sehemu ya sekunde anataka presha ipande kama alivyopiga hesabu, bila kubahatisha unyevu. Wewe na mimi tunaokwenda Kariakoo hatuko humo.

## Ukiwa kituoni

Wakinijazia, nakuwa na naitrojeni tupu?

Mara nyingi hapana, na hapa ndipo watu wanapopunjwa bila mtu kusema uongo.

Tairi tupu haliko tupu. Ukitoa kisindano cha vali na upepo ukaisha kutoka, ndani bado kuna hewa ya kawaida yenye presha sawa na ya nje, na ina oksijeni asilimia 21. Ukijaza naitrojeni ya asilimia 97 hadi psi 32, gesi ya ndani inakuwa kama mara 3.2 ya ile iliyokuwepo. Fungu moja ni hewa, mafungu 2.2 ni naitrojeni. Piga hesabu: oksijeni inabaki karibu asilimia 9, naitrojeni ni kama 91. Hujafika 95 waliyoitangaza.

Wakitoa tena yote na kujaza upya, oksijeni inashuka hadi kama 5. Hapo ndipo umefika kwenye kiwango kile cha majaribio ya Consumer Reports. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: "Mnatoa na kujaza mara ngapi?" Akisema mara moja, au akichomeka tu mpira juu ya upepo uliokuwemo, unalipia jina. Nimemwona kijana akiongeza psi 4 za naitrojeni kwenye tairi la upepo na kutoza bei kamili, kisha akaweka kifuniko cha kijani.

Nitajuaje kwamba ni naitrojeni kweli?

Kwa macho, pua au masikio hutajua. Kifuniko cha kijani ni plastiki tu, kinauzwa pakiti kwa pakiti. Kipimo cha kweli ni kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachochomekwa kwenye vali na kuonyesha asilimia. Kituo makini kinacho, na hakitakasirika ukiomba kionyeshwe baada ya kujaza. Kisome mwenyewe.

Nikiwa safarini na tairi la naitrojeni limepungua, naweza kuongeza upepo wa kawaida?

Ongeza, tena usisite. Hakuna kitu kitakacholipuka wala kuganda. Tairi la naitrojeni ya asilimia 95 lililoshuka hadi psi 28, ukaliongezea psi 4 za upepo, litakuwa na naitrojeni kama asilimia 93 na nusu.

Swali hili nalichukia kidogo, maana nyuma yake kuna dereva aliyetembea kilomita mia mbili na tairi laini akitafuta kituo chenye mashine.

Nijaze psi ngapi?

Hiyo hiyo ya siku zote. Naitrojeni haina kiwango chake maalumu. Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko kwenye nguzo. Magari yaliyotoka Japani mara nyingi huandika `kPa`, kwa mfano `220`. Gawa kwa 6.9, unapata psi 32. Ikiwa `230`, ni psi 33. Ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kama `MAX PRESS 51 PSI`, ni kikomo cha tairi lenyewe, haisemi gari lako linataka ngapi.

Nimetoka kazini nikapitia kituoni, wakanijazia 32 kamili. Asubuhi nikapima 28. Wameniibia?

Hawajakuibia, wamejaza tairi la moto. Ulipofika, gesi ilikuwa imepata joto la barabara. Ilivyopoa usiku, presha ikashuka, kwa hesabu ile ile niliyoionyesha kwenye swali la kutanuka kwa joto. Psi 4 zimekwenda, mara tatu ya kile ambacho naitrojeni ingekuokolea kwa mwaka.

Tairi hupimwa likiwa baridi: gari likiwa limesimama saa tatu au zaidi, au asubuhi kabla halijatoka. Ndiyo maana nawashauri watu wanunue geji yao ya mkononi, na mwenye uwezo aongeze pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Unavinunua mara moja, unapima nyumbani ukiwa na kandambili.

Taa ya upepo kwenye dashibodi itakubaliana na naitrojeni?

Itakubaliana. Taa hiyo inafuatilia presha au mzunguko wa gurudumu, haijui gesi gani imo. Ila usiitegemee peke yake, maana nyingi huwaka baada ya tairi kuwa limeshuka sana.

## Maswali ya pembeni

Inaongeza umri wa tairi? Oksijeni si inazeesha mpira?

Oksijeni inazeesha mpira, ni kweli. Lakini ubavu wa nje, unaopigwa na jua, uko ndani ya oksijeni saa 24 na hakuna mashine ya kuiondoa hiyo. Kwa gari dogo, tairi huwa kipara, au hupasuka nyufa za nje, kabla uzee wa ndani haujawa hoja.

Ukitaka kujua umri wa tairi, soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na `DOT` ubavuni. `2319` maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye miaka minane halifufuki kwa naitrojeni, hata muuzaji akikuwekea vifuniko vya kijani bure.

Kwa bodaboda au bajaji je?

Hapana. Tairi zenye tyubu hupoteza presha haraka, tena pancha ni za kila mara, na kila pancha inamwaga naitrojeni yote uliyolipia. Pima kila wiki, basi.

Kuna mtu yeyote unayemshauri alipe?

Mwenye gari linalolala muda mrefu bila mtu wa kulitazama, na spea iliyofungwa chini ya gari ambayo hufunguliwa siku ya shida tu. Hapo kupungua polepole ni faida ya kweli, kwa sababu hakuna anayepima. Hata hivyo kwa spea ipo njia ya bei nafuu: jaza upepo psi chache juu ya kiwango, kisha siku ukiifunga upunguze. Kupunguza hakuhitaji kompresa.

Ongeza na mtu mwenye rimu za chuma anayeishi pwani ambaye fundi wa karibu yake hatoi maji kwenye kompresa. Ingawa huyo ningemshauri kwanza ahame fundi.

Malori na mabasi?

Hapa hesabu inabadilika. Tairi la lori hujazwa psi 100 na zaidi, bei yake ni kubwa, na mwili wake huvishwa meno mapya mara moja au mbili, kwa hiyo ukavu na kupunguza oksijeni ndani kwa miaka mingi kunaweza kulipa, hasa kampuni yenye mashine yake. Kwenye migodi, malori makubwa ya kubeba mawe mara nyingi hujazwa naitrojeni kwa sababu inayofanana na ya ndege: kupunguza uwezekano wa tairi kuwaka kwa ndani.

Lakini lori likiteremka Kitonga na breki zikaanza kutoa moshi, usiusogelee mhimili huo eti kwa kuwa tairi lina naitrojeni. Joto linaweza kulipasua kwa presha peke yake. Kaa mbali, tena mbele au nyuma ya gari. Usisimame usawa wa ubavu wa tairi. Na usikubali mtu achomelee rimu tairi likiwa bado juu yake, liwe na gesi yoyote. Mafundi wamekufa hivyo.

Naitrojeni yenyewe ni hatari?

Haiwaki wala haina sumu, na ile ya tairi nne ukiiachia uwanjani haikufanyi chochote. Hatari ni mtungi. Gesi yake imebanwa kwa presha kubwa mara nyingi kuliko tairi linavyoweza kuvumilia, kwa hiyo kujaza moja kwa moja bila kidhibiti presha ni kutafuta kifo. Na mtungi unaovuja kwenye chumba kidogo kilichofungwa unafukuza oksijeni ya kupumua. Naitrojeni haina harufu, hivyo mtu anazimia bila onyo.

Nikipanda nyanda za juu, upepo unabadilika na naitrojeni haibadiliki?

Zote zinabadilika sawasawa, na cha kuchekesha ni kwamba mabadiliko mawili hukutana na kufutana. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na nje. Iringa mjini, takriban mita 1,600 juu ya bahari, hewa ya nje inasukuma kidogo kuliko Dar, karibu psi 2.6 pungufu, kwa hiyo geji inapanda kwa kiasi hicho. Lakini asubuhi ya Iringa ina baridi. Tairi lililosoma 32 Dar kwenye nyuzi 30, ukilipima Iringa alfajiri kwenye nyuzi 14, baridi imelishusha karibu psi 2.5. Geji inasoma 32 tena.

Mzee mmoja wa Mafinga aliniambia hiyo ndiyo siku aliyoamini kwamba naitrojeni haiguswi na kitu. Nikamwambia, mzee wangu, nenda kapime la jirani yako lenye upepo.